Thelathini Zinatosha

Nilikuwa na daftari la kurasa arobaini na nane, jalada la bluu, na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu alilijua. Si daftari la somo lolote. Nilikuwa nikiandika humo alama za darasa zima kadiri walimu walivyorudisha karatasi, nikijumlisha na kugawanya, na kabla mwalimu wa darasa hajabandika chochote ukutani mimi nilikuwa tayari najua nani wa ngapi. Watu walinifuata wakati wa mapumziko na mapera mkononi. Wavulana wakubwa waliokuwa wakinitania kwa miguu yangu myembamba walinipigia magoti, niwaambie kama wametoka kwenye nafasi ishirini za mwisho. Niliringa, sitaki kusema uongo. Katika shule ile ya kata, ambako wengi walinizidi kwa nguo, viatu na sura, hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kuringia.

Dada yangu alikuwa darasa hilo hilo. Tulikuwa watoto wa baba mmoja na mama wawili. Yeye wa nyumba ya kwanza, mimi wa nyumba ya pili, na alinitangulia kuzaliwa kwa miezi minne. Kwetu Nyambureti jambo hilo halikuwa la ajabu, na sisi wawili hatukulifanya kuwa neno. Tulilala chumba kimoja nyumbani kwa mama yake, ambaye nilimwita mama mkubwa, tulikwenda mtoni pamoja, na njia ya shule, saa nzima na nusu kwa miguu, tuliimaliza tukisimuliana upuuzi. Aliniita mdogo wangu kwa ile miezi minne, nami nilimwita dada. Waliogombana ni mama zetu. Waligombana kimya kimya, kwa kugawana siku za kupika na kwa kuhesabu ndoo za maziwa, na baba akajifunza kutoamua lolote mbele yao.

Ndiyo maana mwaka ule, mkutano wa wazazi ulipotangaza kwamba wasichana watakaoingia kidato cha nne watakaa kambi, yaani walale bwenini pale shuleni mwaka mzima wakijiandaa na mtihani wa taifa, baba alirudi nyumbani akiwa amebeba mzigo. Mabinti wawili wakiondoka pamoja, nani angebaki na palizi, maji na ndama? Kaka zetu walikuwa machungani na ng'ombe. Angempeleka wa nyumba ya kwanza, mama yangu angesema. Angenipeleka mimi, mama mkubwa asingesema kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Baba akakaa siku tatu bila kutaja kambi. Siku ya nne, baada ya kula, akatuita wote mbele ya nyumba.

“Atakwenda mmoja,” alisema. “Mwingine atasoma akitokea hapa hapa. Atakayemshinda mwenzake mtihani wa mwisho wa mwaka ndiye atakayekwenda. Mimi sichagui. Karatasi haina mama.”

Alifurahi sana na neno hilo, nikaliona usoni mwake. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameamua jambo bila kuonekana ameliamua. Mama zetu waliangalia chini, kila mmoja upande wake. Dada alinifinya mkono gizani, kama mtu anayesema tutaona, na mimi nikamfinya pia, bila ubaya wowote moyoni. Ubaya ulikuja baadaye, nilipofungua daftari.

Hapa lazima nieleze jinsi nafasi zilivyopatikana, maana bila hilo hakuna kisa. Dada alisoma masomo ya sanaa. Alikuwa na masomo saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Mimi nilichukua sayansi, kwa hiyo nilikuwa na hayo saba pamoja na Fizikia na Kemia, jumla tisa. Kwa kuwa masomo hayakulingana, shule haikupanga wanafunzi kwa jumla ya alama. Ilipanga kwa wastani: jumla yako igawanywe kwa masomo yako mwenyewe. Ilikuwa haki, na mpaka leo nasema ilikuwa haki. Ila ilikuwa na jambo moja ambalo wengi darasani hawakulitambua. Alama saba akizipata mwenye masomo saba, wastani wake unapanda kwa moja. Mwenye masomo tisa, ili wastani wake upande kwa moja, lazima atafute alama tisa. Kila dada alipopanda saba, mimi nilitakiwa kupanda tisa ili tubaki tulivyokuwa.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulifanyika Novemba. Mwalimu wa Hisabati aliitwa kwenye semina mjini, kwa hiyo Hisabati ikaahirishwa hadi Jumatatu ya wiki iliyofuata. Walimu wengine hawakungoja. Walisahihisha haraka, wakarudisha karatasi, na kufikia Ijumaa mchana daftari langu lilikuwa limejaa kila kitu isipokuwa safu moja. Nilikaa nyuma ya choo cha wasichana, mahali pekee penye kivuli na ukimya, nikafanya hesabu zangu.

Wa kwanza na wa pili walikuwa wavulana wawili ambao hakuna aliyewafikia. Wa tano alikuwa mbali nyuma yetu. Katikati tulikuwa sisi wawili. Dada alikuwa na alama mia nne thelathini na mbili kwa masomo sita, wastani sabini na mbili. Mimi nilikuwa na mia tano ishirini na nane kwa masomo manane, wastani sitini na sita. Yeye wa tatu, mimi wa nne. Kati yangu na bweni kulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyenisuka nywele Jumapili iliyopita.

Lakini Hisabati ilikuwa bado. Dada na Hisabati hawakupatana. Alizoea kupata ishirini na kitu, thelathini akijitahidi. Mimi katika majaribio mawili ya mwalimu yule nilipata sabini na tisa na themanini na mbili. Nikajiwekea themanini. Jumla yangu ingekuwa mia sita na nane, ukigawanya kwa tisa ni sitini na saba nukta tano sita. Je, dada angehitaji ngapi ili abaki mbele? Nilijaribu arobaini: mia nne sabini na mbili kwa saba, sitini na saba nukta nne tatu. Angekuwa nyuma. Nikajaribu arobaini na moja: mia nne sabini na tatu kwa saba, sitini na saba nukta tano saba. Angekuwa mbele yangu kwa sehemu moja ya mia. Hapo ndipo mpaka ulipokuwa. Arobaini anabaki nyumbani, arobaini na moja anakwenda kambi.

Na arobaini na moja hazikuwa mbali naye. Ndilo lililonitia hofu. Kulikuwa na mada moja ya Hisabati aliyoielewa vizuri, takwimu, kwa sababu mwalimu alipoifundisha alitumia mfano wa uzito wa ndama na dada alikuwa akiwajua ndama. Takwimu haikosi kuja kwenye sehemu ya pili ya karatasi, swali zima la alama kumi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwahidi kwamba Jumamosi na Jumapili tungekaa tuirudie. Nilikaa nyuma ya choo nikiangalia namba zile, nikajua sitaki kuirudia takwimu na mtu yeyote.

Tukiwa njiani kurudi, akaniuliza. Aliuliza waziwazi kabisa, maana kati yetu hakukuwa na cha kuficha, au yeye alidhani hivyo.

“Mdogo wangu, nipate ngapi Hesabu ili nibaki mbele yako?”

Nilikuwa na dakika chache za kuwa mtu mwema. Nilisimama, nikatoa daftari kwenye mfuko wa sandarusi, nikaweka mguu juu ya kichuguu na daftari juu ya goti, nikaandika mbele ya macho yake. Nilijiwekea sitini na tano. Sikusema ni sitini na tano, niliandika tu jumla: mia tano tisini na tatu, kwa tisa, sitini na tano nukta nane tisa. Kisha nikaandika yake. Ishirini na tisa, sitini na tano nukta nane sita, haitoshi. Thelathini, sitini na sita kamili.

“Thelathini zinatosha,” nikamwambia.

Alizisoma namba. Alizifuata kwa kidole mstari kwa mstari, akatikisa kichwa kukubali, maana zote zilikuwa kweli. Hakuna hata tarakimu moja niliyoikosea. Hakuuliza nimejiwekea ngapi, kwa sababu hakujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza. Yeye aliona hesabu na akadhani hesabu ni kitu kimoja, kama vile kuhesabu ng'ombe zizini. Hakujua kwamba makadirio yana mlango wa nyuma, na kwamba anayekadiria ndiye anayeshika ufunguo. Mimi nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijua vizuri kabisa.

“Thelathini nazipata,” alisema, na uso wake ukafunguka. “Basi takwimu tuache. Wewe soma, wewe una masomo mengi. Ile mistari yako ya palizi nitakulimia mimi.”

Ningeweza kukataa. Mama yangu alikuwa amenipa mistari kumi na miwili ya mahindi nimalize kabla ya Jumatatu, na dada aliimaliza yote Jumamosi, peke yake, jembe likisikika tangu alfajiri. Nilikuwa ndani na kitabu cha Hisabati. Kila aliponyoosha mgongo nilimwona kupitia dirishani, akifuta jasho kwa nyuma ya kiganja, akiimba wimbo wa kanisani nusunusu kama alivyokuwa akifanya. Mchana aliniletea uji. Aliuweka mezani taratibu, asinikatize, akatoka kwa kunyata. Niliunywa. Jumapili alikwenda kuosha nguo za nyumba zote mbili, na mimi nikafanya maswali ya miaka iliyopita hadi vidole vikaniuma.

Jumatatu tulikaa mbali kidogo, yeye karibu na mlango na mimi mstari wa dirisha. Ilikuwa karatasi ya saa tatu. Haikuwa ngumu. Nilipofika sehemu ya pili nikakuta swali la takwimu, jedwali la uzito wa mifuko ya mahindi, tafuta wastani, chora grafu. Nilimtazama dada. Alikuwa amepinda shingo akiandika kitu pembeni mwa karatasi, midomo ikitembea, kama anayejumlisha. Haikufika saa moja na nusu akafunga peni yake. Akasimama, akampelekea msimamizi karatasi. Alipopita nje ya dirisha langu aliinama kidogo akanitabasamia, akaonyesha kwa mkono upande wa nyumbani: natangulia, maji hayajatekwa.

Niliendelea na grafu yangu. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi watu wakisimulia makosa yao hujipa saa moja ya majuto pale pale, ili waonekane hawakuwa wabaya sana. Mimi sikuwa nayo. Nilichora grafu yangu kwa rula na nikaipendezesha.

Wiki iliyofuata baba alikuja shuleni kwenye mkutano wa kufunga mwaka akiwa amevaa koti lake la msibani. Wanafunzi tuliwaamkia mwalimu wa darasa na wazazi, shikamoo zikapokelewa, na mwalimu akasoma nafasi kumi za kwanza. Wa tatu nilikuwa mimi, wastani sitini na saba nukta tano sita. Wa nne alikuwa dada, sitini na sita nukta tano saba. Hisabati nilikuwa nimepata themanini kamili, kama nilivyojiwekea siku ile nyuma ya choo. Yeye alipata thelathini na nne.

Sikumtazama. Nilimtazama baba, na baba alikuwa akitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeona jambo lake limejipanga lenyewe. Tulipofika nyumbani alilitangaza kwa maneno manne: “Karatasi imesema. Atakwenda huyu.” Mama yangu akapiga vigelegele, na nilitamani ardhi inimeze, si kwa ajili ya dada, bali kwa sababu vigelegele vile vilivuka mpaka nyumba ya kwanza na mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mchele mkononi. Mama mkubwa alinipongeza. Alinishika bega akasema nisome kwa bidii nisiwaaibishe. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyoniuma kama hiyo.

Dada alinikuta jikoni jioni ile, nikikoleza moto. Alichuchumaa ng'ambo ya mafiga.

“Uliniambia thelathini,” alisema.

“Hesabu ilikuwa sahihi.”

Hilo ndilo jibu nililompa. Nimelirudia kichwani miaka mingi, nikijaribu kulifanya liwe jingine, na halikubali. Angeweza kunipiga, na ningeona nafuu. Alisema sawa, akachukua sufuria akaenda kuosha. Ninachojua ni kwamba siku ile hakuwa na uhakika. Alihisi kitu hakiko sawa lakini hakukiona kilipo, na mimi nilimwacha hivyo.

Kabla ya likizo mwalimu wa Hisabati alinituma nikusanye karatasi zilizosahihishwa nizifunge kwa kamba. Ya dada ilikuwa katikati ya rundo. Niliivuta. Ukurasa wa takwimu ulikuwa mweupe, umepigwa mstari mwekundu wa mwalimu na sifuri. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo ya penseli, kulikuwa na hesabu ambayo mwalimu hakuijali: sita, sita, tano, nne, sita, tatu, nne. Thelathini na nne. Alikuwa amejikadiria swali kwa swali, kwa uaminifu, bila kujipa hata moja asiyostahili, na akapata hasa kile ambacho mwalimu alikuja kumpa. Aliongeza nne juu ya thelathini kwa usalama, akachora duara, akafunga peni. Zilimpungukia saba tu. Swali lile aliloliacha lilikuwa na kumi.

Niliifunga na nyingine kwa kamba. Sikumwambia mtu.

Januari nilikwenda kambi. Dada ndiye aliyenisindikiza, sanduku langu kichwani mwake, hadi mlangoni mwa bweni, na akatandika kitanda changu kwa sababu alidai mimi sijui kukunja shuka pembe. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Mwaka ule nilikuwa nikimwona akiingia darasani saa mbili, magoti yana vumbi, amekwisha kukamua na kuteka maji; saa tisa anaondoka mbio kwa sababu ya ndama. Mchana alisinzia. Mimi nilikuwa na taa, meza, wenzangu wa kujadili nao, na mwalimu aliyepita jioni kujibu maswali. Daftari langu sikuliacha. Mtihani wa kwanza dada akawa wa tisa. Wa pili, wa kumi na saba. Nilihesabu mara zote mbili ni alama ngapi zingemrudisha, kama mtu anayegusa kidonda cha mwenzake kuona kimefika wapi. Hakuniuliza tena kitu chochote kuhusu namba.

Mtihani wa taifa nilifaulu vizuri. Yeye alipata kile cheti ambacho watu hukifunga kabatini na wasikitaje. Mwaka uliofuata aliolewa upande wa Tarime, na mimi sikuwepo harusini kwa sababu nilikuwa kidato cha tano mkoa mwingine, na kusema kweli nilishukuru kwa sababu hiyo.

Sasa mimi ni mwalimu. Ninafundisha Hisabati shule ya sekondari wilaya hii hii ya Serengeti, na kwa kejeli ya maisha nimepewa taaluma, maana yake ni mimi ninayepanga nafasi za shule nzima. Kompyuta inajumlisha, inagawanya, inapanga. Wanafunzi hunijia wakiuliza wapate ngapi ili wapande nafasi moja. Nimejiwekea sheria: sitoi namba moja. Ninawapa jedwali, mwenzako akipata hivi, wewe pata hivi, akipata vile, pata vile. Hulalamika kwamba ninawachosha. Walimu wenzangu hunisifu kwa umakini, na mimi huwaacha wanisifu.

Dada anaishi Sirari. Ana kibanda cha mitumba karibu na barabara ya malori, na ulimi wake umechanganyika na wa ng'ambo, kwa sababu wateja wake nusu wanatoka Isebania, upande wa Kenya. Tunaonana misibani na kwenye sherehe. Watoto wake huniita mama mdogo. Hatujawahi kuwa na ugomvi, na mtu wa nje akituona angesema ndugu hao wanapendana. Mwaka huu mwezi wa saba nilipitia kwake nikitoka Tarime mjini. Alinikaribisha, akanipa kiti, akafunga kibanda mapema tukaenda nyumbani. Nilikuwa nimebeba zawadi nyingi kupita kiasi, kama ilivyo kawaida yangu nikienda kwake.

Binti yake mkubwa yuko darasa la sita, mrefu, miguu myembamba kama iliyokuwa yangu. Dada alitoa ripoti ya binti huyo chini ya kitambaa cha meza, pamoja na kipande cha karatasi ambacho mtoto alinakili namba za ubaoni. Binti alikuwa wa tano. Masomo sita, jumla mia nne sitini na nane, wastani sabini na nane. Aliyekuwa wa nne alikuwa na mia nne themanini, wastani themanini. Shule yao, aliniambia, ina utaratibu wa kuwaweka wanne wa kwanza kwenye masomo ya jioni na mwalimu mkuu, bure, mpaka mtihani wa darasa la saba.

“Anataka kujua apate ngapi ampite huyo,” dada alisema. “Mimi nimemwambia angoje, tuko na mtu wa hiyo kazi.”

Nilichukua peni. Nilifurahi, nikiri, nilidhani huo ulikuwa msamaha umeletwa kwa mlango wa pembeni. Nikaanza kuandika.

Dada aliweka kidole chake juu ya karatasi, pale pale nilipokuwa naandika. Kidole kigumu, ukucha umekatwa mfupi.

“Lakini mara hii niandikie na huyo wa mbele umemwekea ngapi.”

Hakupandisha sauti. Hakuniangalia hata. Alikuwa akitazama karatasi, akingoja, jinsi mtu anavyongoja chenji dukani. Sijui aliigundua lini. Pengine ni mwaka ule ule, njiani, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, peke yake, akiwa hana wa kusimulia naye. Muda wa kuirudia hesabu yangu alikuwa nao. Na miaka yote hiyo ya misiba na sherehe, ya mama mdogo karibu, mama mdogo kula, alikuwa akijua.

Nilitaka kusema. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyaandaa tangu nikiwa chuoni. Lakini kidole chake hakikuondoka, na kilichoombwa hapo hakikuwa maneno. Kwa hiyo niliandika. Wa mbele akibaki na mia nne themanini, binti aongeze kumi na tatu. Zikitoka zote kwenye Hisabati, alikokuwa na sabini, afike themanini na tatu. Wa mbele akipanda alama sita, binti aongeze kumi na tisa, Hisabati ifike themanini na tisa. Wa mbele asipopanda, binti akiongeza kumi na mbili wanalingana tu, hapandi. Niliandika kila kitu kwa herufi kubwa, nikapigia mstari kile nilichomwekea mwenzake.

Dada aliisoma karatasi mara mbili. Kidole chake kilifuata mstari kwa mstari, kama zamani kwenye kichuguu, ila safari hii alirudi juu akakagua tena.

“Atasoma kwa themanini na tisa,” alisema.

Aliikunja, akaitia kifuani. Kisha akamwita binti yake aliyekuwa uani, akamwambia namba, akamwambia airudie kwa sauti, na mtoto akairudia. Mtoto alinitazama akitabasamu, akafungua mdomo aniite mama mdogo.

“Mletee mgeni chai,” mama yake akamwambia.

Chai ililetwa, nikainywa mpaka ikaisha.